Nimemwambia rafiki yangu nampenda, akanikataa: barua ya kumwomba radhi niiandikeje?

*Shikamoo Anti. Mimi ni kijana wa miaka 27, naishi Mwanza. Nina rafiki tuliyesoma naye chuo na sasa tunaimba kwaya moja. Nilipougua malaria aliniletea uji na machungwa, usiku tunachati mpaka saa sita, na Jumapili moja alinipeleka kwao akanitambulisha kwa mama yake. Nikaamini ananipenda. Mwezi uliopita nikamwandikia meseji ndefu usiku, nikamweleza ninavyompenda na kwamba nataka kumuoa. Akajibu: "Nashukuru kwa kuniambia, ila mimi nakuona kama kaka yangu." Tangu hapo ananijibu kwa kifupi na mazoezini anakaa mbali nami. Kabla ya kumwandikia niliwaeleza wenzangu wawili wa kwaya, na mmoja wao sasa anajaribu kumsemesha. Nimeandika barua ya kumwomba radhi, sijaituma, nimekuambatanishia. Niitume? Kama nimekosea, nimekosea wapi? Na je, nihame kwaya?*

Marahaba, mwanangu. Hiyo uliyoniambatanishia usiitume. Nyingine, fupi kuliko hiyo, unaweza kuituma, nami nitakuandikia mfano wake hapa chini. Kabla hatujafika huko tukubaliane unaomba radhi kwa jambo gani, maana barua yako inaomba radhi kwa kupenda, na hilo si kosa. Hata kumwambia mtu unampenda si kosa. Ungemwambia hilo tu, yeye angekuwa mtu mzima aliyeulizwa swali la kawaida, akasema hapana, na mambo yakaishia hapo.

Kosa lako liko kwenye namna. Ulimfikishia habari ya ndoa wakati hamjawahi hata siku moja kukaa mkazungumza kuhusu ninyi wawili. Ulimfikishia kwa meseji, usiku, akiwa peke yake na simu, bila mtu wa kumuuliza. Kubwa zaidi ya yote, kwenye meseji hiyo, ambayo nimeisoma kwa sababu uliinakili ndani ya barua, ulimworodheshea mambo aliyokufanyia: uji, machungwa, kuchati usiku, kwenda kwao. Kila alichokutendea kwa moyo mweupe ukakigeuza kuwa ushahidi kwamba anakupenda.

Jiweke mahali pake. Tangu usiku ule, kila anapotaka kukufanyia jambo jema lazima ajiulize: hili nalo litahesabiwa? Akicheka na wewe mazoezini, litaandikwa? Akikujibu meseji kwa maneno kumi badala ya mawili, litasomwaje? Ndiyo maana anakaa mbali. Sioni dalili yoyote kwamba anakuchukia. Mtu anayekuchukia hawezi kukujibu kwa upole kama alivyokujibu. Anapima wema wake kwa sababu ameona ulivyouchukua mara ya kwanza. Barua yako ina kazi moja tu, nayo ni kumwondolea huo mzigo wa kupima. Sentensi yoyote isiyofanya kazi hiyo, ifute.

Mwaka 1993 wanasaikolojia watatu wa Marekani, Roy Baumeister, Sara Wotman na Arlene Stillwell, walichapisha utafiti kuhusu mapenzi ya upande mmoja. Waliwaomba watu waandike visa vyao vya kupenda bila kupendwa, na pia visa vya kupendwa na mtu wasiyemtaka. Tofauti ya pande hizo mbili ndiyo ninayotaka uisome kwa makini. Aliyependa mara nyingi alisimulia kwamba upendo ulikuwa wa pande zote, na kwamba mwenzake alimpa matumaini. Aliyekataa hakuona kama alitoa matumaini yoyote, lakini bado alibeba hatia ya kumuumiza mtu, na juu ya hatia hiyo hakujua aseme nini. Anayependa amefundishwa cha kufanya na hadithi na nyimbo tangu utotoni: vumilia, subiri, rudi tena. Anayetakiwa kukataa hajafundishwa na mtu. Anatafuta maneno gizani, na akiyapata anaogopa yamekuwa makali mno au laini mno.

Sasa rudi kwenye jibu lake. "Nashukuru kwa kuniambia" ni heshima yake kwako. "Nakuona kama kaka yangu" ni hapana, imesemwa kwa njia ambayo msichana wa kwetu aliyelelewa vizuri huisema. Usilichambue jibu hilo ukitafuta upenyo. Kwenye barua yako umeandika kwamba "ndugu wanaweza kuanza kuonana tofauti siku moja". Hiyo ndiyo tabia iliyokufikisha hapa, ya kuchukua maneno ya mtu na kuyaongezea yale ambayo hakuyasema.

Kuhusu dalili zenyewe, nitazigusa kwa kifupi, kwa sababu bila kuzielewa hutaweza kuandika "nilisoma vibaya" na kumaanisha. Kumpelekea mgonjwa uji ni jambo ambalo wanakwaya wanafanyiana. Jiulize kama mwaka huu amempelekea mgonjwa mwingine yeyote. Wewe mwenyewe umeandika kwamba alishinda hospitali na mwimbaji mwenzenu aliyejifungua. Kuchati mpaka saa sita kunaonyesha kwamba anafurahia maongezi yako, na hilo ni kweli, lakini mada ulizonitajia ni kazi, kwaya na watu mliosoma nao. Na kupelekwa kwao? Rafiki akifika nyumbani Jumapili baada ya ibada atatambulishwa kwa mama, hakuna namna nyingine. Anayempeleka kijana kama mchumba huwa na maandalizi yake: shangazi anajua mapema, mama ameambiwa, na kijana mwenyewe ameambiwa avae nini na aje na nani. Wewe ulifika mkala ugali na dagaa mkarudi mazoezini. Dalili hizo zilikuwa za kweli, ila zilikuwa dalili za urafiki mzuri.

Sasa tuingie kwenye barua yako, sentensi kwa sentensi. Nitachukua zile nne zenye madhara.

Umeandika: "Najua nilikosea, lakini hata wewe ukikumbuka uliyonifanyia utaona kwa nini nilifikiri hivyo." Baada ya "lakini" huombi radhi tena, unamshtaki. Unamwambia kwamba kosa ni la wote wawili. Akisoma hapo atafanya moja kati ya mawili: ataanza kujitetea moyoni, au atajilaumu na kuazimia kutomfanyia mwanaume yeyote wema tena. Yote mawili yanaongeza umbali. Maelezo ya kwa nini ulifikiri hivyo unaweza kunipa mimi au kumpa kaka yako. Yeye hayamhusu.

Umeandika: "Tangu siku ile silali, hata kazini bosi ameanza kunilalamikia." Naamini ni kweli, na nakuonea huruma. Lakini ukimwambia aliyekukataa kwamba hulali, umemfanya awe muuguzi wa maumivu ambayo yeye ndiye anayedhaniwa kuyasababisha. Atafanya nini na habari hiyo? Akikufariji, atahofia kwamba unaanza kutumaini upya. Akinyamaza, ataonekana hana utu. Umempa milango miwili na yote inamuumiza. Tafuta mtu wa kumwambia hayo nje ya kwaya, na ikiwezekana asiwe mtu anayemfahamu.

Umeandika: "Naomba unisamehe na turudi kama zamani, na unijibu hata kwa neno moja." Hapo kuna maombi matatu kwa mtu ambaye tayari umemwelemea. Mwaka 2016 Roy Lewicki na wenzake wawili walichapisha utafiti uliochambua vipengele sita vya kuomba radhi. Visa walivyotumia vilihusu makosa ya kazini, kwa hiyo usivichukue kama kipimo cha kila jambo, ila matokeo yanalingana na ninayoyaona kwa watu wanaonijia. Kipengele kilichokuwa na uzito kuliko vyote kilikuwa kukiri kwamba kosa ni lako. Kilichofuata kilikuwa kueleza utakachofanya kurekebisha. Cha mwisho kabisa, chenye uzito mdogo kuliko vyote, kilikuwa kuomba usamehewe. Barua yako imefanya kinyume: neno "nisamehe" limo mara saba, kukiri kumeharibiwa na "lakini", na kurekebisha hakumo kabisa. Hilo la "kama zamani" ndilo zito zaidi. Zamani yeye hakujua unampenda, na sasa anajua. Huwezi kumwomba asijue anachokijua.

Na ya mwisho: "Sitakuficha, bado nakupenda na nitasubiri, Mungu ndiye anayejua aliyopanga." Mwanangu, hii ni meseji ile ile ya kwanza imerudi imevaa nguo za toba. Ukishasema utasubiri, hapana yake umeifanya kuwa jambo la muda. Na ukimtaja Mungu kwa mwanakwaya mwenzako katika jambo hili, unamweka mahali ambapo kukataa kwake kunaweza kuonekana kama kupinga mapenzi ya Mungu. Imani yako ibaki katika sala zako. Usiitumie kumsukuma mtu.

Kuna jambo jingine ambalo umelitaja kwa kupita tu, nami naliona ni zito: kwamba uliwaeleza wenzako wawili wa kwaya kabla hujamwandikia, na mmoja wao sasa "anajaribu kumsemesha". Hapo ndipo kwenye kipengele cha kurekebisha. Kabla hujatuma chochote, waone hao wawili ana kwa ana. Waambie: nilimuuliza, amesema hapana, nimekubali, naomba jambo hili lisizungumzwe tena na asitumwe mtu. Usipofanya hivyo barua itasema umeacha huku rafiki yako akimvizia baada ya mazoezi kumwambia "yule kijana anateseka". Ataamini anachokiona.

Barua yenyewe ningeiandika hivi:

*Habari za siku. Nakuandikia kuhusu meseji niliyokutumia usiku ule.*

*Nilikosea. Nilichukua wema wako wa kirafiki nikauhesabu kuwa ahadi, wakati hukuniahidi chochote. Kisha nikakuletea jambo kubwa kwa ghafla, nikakuachia wewe kazi ya kutafuta maneno ya kunijibu. Ulinijibu kwa ukweli na kwa heshima, nami nimekuelewa.*

*Ulivyonijali nilipougua ulikuwa wema wa rafiki, na ninakushukuru kwa hilo tu, bila kuongeza maana nyingine.*

*Kabla ya kukuandikia nilikuwa nimewaambia watu wawili kwaya. Hilo nalo halikuwa sawa kwako. Nimewaona, nimewaambia limekwisha na wasikusemeshe. Mimi mwenyewe sitalirudia. Ukiona ni vizuri kukaa mbali nami, iwe kwa muda au kwa kudumu, sitakuuliza sababu wala sitakasirika.*

*Barua hii haihitaji jibu.*

Angalia kilichomo na kisichomo. Neno "nilikosea" limesimama peke yake, halikufuatiwa na sababu. Kosa limetajwa kwa jina, kwa hiyo hawezi kujiuliza kama umeelewa ulichofanya. Wema wake umerudishwa kuwa wema. Hiyo aya ya kumshukuru ni fupi lakini ndiyo moyo wa barua, kwa sababu inamruhusu kuendelea kuwa mtu mwema bila woga. Watu wengi huiacha kabisa, wakidhani kutaja uji kutamkumbusha jambo la aibu. Ukiutaja kwa namna hii unafunga kile ambacho meseji yako ya kwanza ilikifungua. Lakini usiorodheshe tena; jambo moja linatosha. Sikuandika "bado nakupenda" wala "sikupendi tena". La kwanza ni mzigo, la pili ni uongo ambao atautambua.

Unaweza kubadilisha maneno yafanane na unavyoongea. Usiongeze urefu. Kama unaona kuna jambo muhimu limesahaulika na unataka kuongeza aya, iandike kwenye karatasi nyingine na uilaze siku tatu. Karibu kila mara aya hiyo huwa ni njia nyingine ya kumwambia bado unampenda.

Kuhusu njia ya kuituma, najua ulitaka kumpa barua ya mkono baada ya mazoezi. Wazo la karatasi ni la heshima, lakini kumkabidhi bahasha mbele ya waimbaji wengine kutaamsha maswali ambayo yeye ndiye atakayeyajibu. Kumpa mtu ampelekee ni kuongeza mtu wa tatu. Kwa hali yenu nashauri utume kama meseji moja, mchana, siku ya Jumatatu au Jumanne, ili apate siku kadhaa za kupumua kabla hamjakutana tena mazoezini Jumamosi. Usimrekodie sauti. Sauti inabeba kutetemeka na kuvuta pumzi, na atalazimika kukusikiliza mpaka mwisho ndipo ajue unataka nini, wakati maandishi ataona kwa mtazamo mmoja kwamba hudai kitu. Ukishatuma, ondoka kwenye mazungumzo hayo. Tiki zikiwa bluu na jibu lisije, hiyo si dharau. Ulimwambia haihitaji jibu, naye amekuamini.

Kuna hali ambazo hata barua hii nzuri haipaswi kutumwa. Kama angekuwa amekuambia usimwandikie tena, au amekufungia namba, basi kunyamaza ndiko kungekuwa kuomba radhi kwako. Hajafanya hivyo, anakujibu, ingawa kwa kifupi. Hali nyingine iko ndani yako. Jiulize hivi: kama ungejua kwa hakika kwamba hatajibu kamwe, na kwamba mwezi ujao watu watakuja kwao kumposa, bado ungeituma barua hii bila kubadilisha neno? Jibu likiwa ndiyo, itume. Ukihisi moyo umekataa, ujue bado unasubiri kitu kutoka kwake. Iweke barua wiki mbili tatu ujiulize tena. Hakuna kitakachoharibika kwa kuchelewa, maana amekwisha kukujibu na hana haja ya haraka.

Akijibu "usijali, yamekwisha", mwandikie "asante" na uishie hapo. Usimuulize kama kweli yamekwisha. Akijibu kwa uchangamfu, akakutumia emoji ya moyo au wimbo mpya wa kwaya, nakuomba uwe makini sana, kwa sababu hapo ndipo utakapojaribiwa. Mtu aliyetuliwa mzigo hufurahi, na furaha hiyo ni ya kutuliwa. Ukiisoma kuwa amebadili mawazo utarudi pale pale, na mara ya pili hakutakuwa na barua itakayotosha.

Mazoezini msalimie kama unavyowasalimia wengine, kwa sauti ile ile, kisha endelea na shughuli. Usihame kwaya. Umeniuliza mwishoni mwa barua kama uhame, na najua lengo ni kumpa nafasi, lakini watu watauliza kwa nini umeondoka na hatimaye swali litamfikia yeye. Kama kukaa naye kumekushinda kabisa, omba mapumziko kwa mwalimu wa kwaya ukitaja kazi, kwa muda, bila kumtaja. Mkipangiwa kuimba pamoja, imba. Usimnunulie zawadi wala usilipie nauli yake mkiwa kwenye gari moja na wenzenu, hata kama zamani ulikuwa unafanya hivyo. Akirudia mwenyewe mambo hayo madogo, kama kukuuliza habari za kazi au kukaa kiti cha jirani, pokea kwa kiasi alicholeta na usiongeze.

Na ile ya kuchati mpaka saa sita usiku, usiianzishe wewe. Akikuandikia usiku kuuliza mazoezi ya Jumamosi yanaanza saa ngapi, mwambie saa kumi, mtakie usiku mwema, uweke simu chini.